Mmoja aandae, mwingine aidhinishe: maswali yenu kuhusu malipo ya kampuni kwa mtandao

Kwenye hundi tulikuwa tunasaini wawili. Sasa benki inasema mhasibu "ataandaa" na mimi "nitaidhinisha". Si kitu kilekile? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro)

Hapana. Kwenye hundi nyote wawili mlifanya kazi moja, ya kusaini. Huku kazi zimegawanywa. Mhasibu anaingia kwa jina lake, anajaza akaunti ya mlipwaji, kiasi na maelezo, kisha anawasilisha. Hapo hakuna senti iliyotoka. Malipo yanakaa kwenye orodha ya yanayosubiri. Wewe unaingia kwa jina lako, unayafungua na kuyasoma, halafu unayapitisha kwa msimbo unaokuja kwenye simu au tokeni yako, au unayarudisha ukiandika sababu. Mfumo unaangalia aliyeandaa ni nani na anayeidhinisha ni nani. Akiwa mtumiaji yuleyule, mfumo unakataa.

Ukikuta kiasi kimekosewa, kirudishe kwa mhasibu hata kama ni tarakimu moja tu. Ukisahihisha mwenyewe, umeshakuwa mwandaaji, na hakuna aliyekukagua wewe.

Nina mhasibu mmoja na mimi nasafiri sana. Nikimwachia neno langu la siri na laini inayopokea misimbo, kuna ubaya gani? Ni mtu mwaminifu. (Mkurugenzi, Mwanza)

Mfumo hautambui nyuso, unatambua majina ya kuingilia. Ukimwachia vyote viwili, kwenye kumbukumbu za benki itasomeka kwamba ninyi wawili mmepitisha kila malipo, na fedha ikipotea utakuwa wewe ndiye uliyeidhinisha. Pia unamweka mhasibu wako pabaya: siku mtu mwingine akiiba, yeye ndiye atakayeshukiwa wa kwanza, na hatakuwa na namna ya kujitetea.

Mazoea haya yanaonekana kwenye kumbukumbu. Omba benki taarifa ya shughuli za watumiaji, uangalie saa. Malipo yaliyoandaliwa saa 4:41 na kuidhinishwa saa 4:42, wiki nzima, kutoka kifaa kimoja, hayakukaguliwa na mtu.

Dawa ni kuongeza mwidhinishaji wa pili kwenye azimio la bodi na fomu za benki, awe mbia, mkurugenzi mwenzako au meneja wa duka, mradi asiwe anaandaa malipo. Wewe mwenyewe kama benki yako ina programu ya simu inayotoa misimbo, iwashe kabla ya safari, maana ujumbe mfupi wa simu unaweza usikufikie ukiwa nje.

Na uangalie jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: nani ana haki ya msimamizi wa mfumo, yaani ya kufungua watumiaji na kupandisha viwango vya kiasi ambacho kila mmoja anaruhusiwa kupitisha? Kama ni huyohuyo mhasibu, anaweza kujifungulia jina la mwidhinishaji, na mpangilio wote ukabaki wa kwenye karatasi. Hata kumwongeza mtumiaji kunapaswa kupita mikono miwili.

Mishahara huletwa kama faili moja. Naangalia jumla, nikiona imelingana na karatasi ya mishahara napitisha. Inatosha? (Meneja wa shule binafsi, Mbeya)

Haitoshi, na tuchukue mfano wa shule kama yako. Mwezi uliopita watumishi walikuwa 14 na jumla ilikuwa shilingi 9,240,000. Dereva mwenye mshahara wa mkononi wa 480,000 ameacha kazi, na hamjaajiri mtu. Mwezi huu faili linakuja na jumla ya 9,240,000, karatasi ya mishahara inasema 9,240,000, nawe unapitisha. Kulingana kule ndiko kulikokupoteza. Karatasi na faili vimetengenezwa na mtu mmoja, kwa hiyo kosa la karatasi limenakiliwa kwenye faili. Jumla sahihi ilikuwa 8,760,000 kwa watu 13. Dereva bado yumo, na namba ya akaunti kwenye mstari wake huenda si yake tena.

Mwidhinishaji anahitaji kitu ambacho mwandaaji hakukitengeneza. Mwombe mwalimu mkuu, au yeyote anayeshughulikia ajira, akuletee kila mwezi orodha fupi: nani ameingia, nani ametoka, nani amebadilishiwa mshahara. Anza na jumla ya mwezi uliopita, ongeza na upunguze kufuatana na orodha hiyo, upate jumla *unayoitarajia* kabla hujafungua faili. Halafu lifungue faili lenyewe, hesabu mistari, na utafute akaunti zilizobadilika tangu mwezi jana. Kwa watu 14 ni kazi ya dakika chache. Usitegemee jina linaloonekana pembeni ya namba: kwenye faili la mishahara, mara nyingi jina hilo limechapwa na mwandaaji mwenyewe, na fedha hufuata namba.

Msambazaji alituma barua pepe kwamba amebadili benki. Mhasibu akaandaa, mimi nikaidhinisha, ankara ilikuwa sahihi kabisa. Fedha imeenda kwa tapeli. Mfumo ulishindwaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole sana. Mfumo ulifanya kazi yake. Shida ni kwamba wawili wote mlisoma karatasi moja. Mzigo ulikuja kweli, deni lilikuwa la kweli, kiasi kilikuwa cha kweli. Kilichokuwa cha uongo ni namba ya akaunti tu, na hiyo hamkuwa na pa kuilinganishia.

Tenganisheni mambo mawili: kumlipa msambazaji, na kubadili akaunti yake. Mabadiliko ya akaunti yawe shughuli yake, yenye mwandaaji na mwidhinishaji wake, na mwidhinishaji ampigie msambazaji kwa namba iliyokuwa kwenye mkataba au kwenye faili lenu la zamani. Namba iliyo kwenye hiyo barua pepe isitumike, maana atakayepokea ni tapeli mwenyewe, na atakubali kila kitu. Benki nyingi zinaruhusu kampuni iwe na orodha ya walipwaji walioidhinishwa. Ombeni malipo yaende kwa walio kwenye orodha hiyo tu.

Kwa sasa, piga benki yako leo hii, si kesho, uombe wawasiliane na benki iliyopokea izuie kilichobaki, kisha ripoti polisi. Malipo yaliyopita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha fedha kati ya benki, yakishakamilika hayafutiki. Kilichobaki ni kuiwahi fedha kabla haijatolewa.

Niliandaa malipo Ijumaa saa nane mchana, bosi akaidhinisha jioni, msambazaji anasema hajaona kitu. Kosa la nani? (Karani wa hesabu, Arusha)

Benki inahesabu tangu malipo yalipoidhinishwa, haihesabu tangu ulipoyaandaa. Yakiidhinishwa baada ya saa ya mwisho ya siku, malipo ya kwenda benki nyingine kwa TISS husubiri siku inayofuata ya kazi, hapo ni Jumatatu. Uliza benki yenu saa hiyo ya mwisho, muibandike ofisini, na mkubaliane na bosi muda wa kufungua orodha, kwa mfano saa nne asubuhi na saa saba mchana. Angalia pia hali ya malipo: kama bado inasomeka yanasubiri idhini, huenda kiasi kimevuka kiwango cha bosi wako na mfumo unamngoja mwidhinishaji wa pili. Katika hali hiyo usiyaandae upya, kwa sababu Jumatatu yanaweza kuidhinishwa yote mawili na msambazaji akalipwa mara mbili.