Upau wa kazi wa Windows: pa kuburuta na pa kugusa rejista

Wiki iliyopita shemeji aliniletea kompyuta ya Windows 10, upau wa kazi umesimama wima upande wa kushoto. Alidhani ni virusi. Nilibofya kulia kwenye upau, nikaondoa tiki ya Lock the taskbar, nikashika sehemu tupu na kuuburuta mpaka chini. Unene wake hurekebishwa kwa kuvuta ukingo, na menyu ya Start nayo huvutwa kwa ukingo wa juu au wa kulia. Hapo rejista, yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows, haihusiki kabisa.

Windows 11 ni habari nyingine. Kufuli lenyewe halipo, na kwenye matoleo niliyotumia upau hauburutwi. Mipangilio inakuruhusu kusogeza vitufe kushoto tu: Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, kisha Taskbar alignment. Menyu ya Start haikuvutika; niliweza kuchagua More pins ili programu nilizobandika zipate nafasi zaidi, basi.

Nilipotaka upau ukae juu, nilikuwa na toleo la kwanza, 21H2, na njia ilikuwa rejista. Kabla ya yote, hifadhi nakala kwa Command Prompt:

```
reg export HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\StuckRects3 "%USERPROFILE%\upau.reg"
```

Kisha fungua `regedit`, fuata njia ileile ya kwenye amri mpaka StuckRects3, na ubofye thamani iitwayo Settings mara mbili. Mstari wa pili, namba ya tano ni `03`, maana yake chini. Ukiweka `01` upau unakwenda juu. Hapa ndipo nilipochemsha: dirisha lile halifuti unapoandika, linaongeza. Niliandika `01` bila kufuta `03`, namba zote zilizofuata zikasogea hatua moja, na upau ukabaki palepale. Futa kwanza, andika, halafu hesabu tena. Baadaye:

```
taskkill /f /im explorer.exe
start explorer.exe
```

Skrini itabaki tupu kidogo, usishtuke. Ukitaka kurudi nyuma, bofya `upau.reg` mara mbili, ukubali, urudie amri hizo mbili. Usijaribu `00` wala `02`, za kushoto na kulia: vitufe havikupangika vizuri huko.

Kabla hujahangaika, andika `winver` uone toleo lako. Nilipopanda hadi 22H2, upau ulirudi chini na `01` haikufanya kitu tena. `TaskbarSi`, thamani ya DWORD iliyowekwa chini ya Explorer\Advanced ili kupunguza unene, nayo iliharibika: saa ilikatwa ukingoni. Maelekezo mengi ya mtandaoni bado ni ya 21H2.

Siku hizi nimewasha Automatically hide the taskbar. Nilichokuwa nakitafuta muda wote ni nafasi ya lahajedwali, na upau ukijificha naipata bila kugusa rejista.