Kaumwa na nyoka na kamba ishafungwa: niliyojifunza zahanati ya kando ya ziwa

Nyie mnaoripoti vituo vya huku ziwani mwaka huu, Buchosa, Sengerema, Ukerewe, Magu, karibuni sana. Malaria na kichocho mmesoma chuoni, huko sina wasiwasi na nyie. Mi nataka niongelee mgonjwa mmoja tu, yule atakayeletwa saa mbili usiku amebebwa juujuu na watu sita wanaongea wote kwa pamoja, kaumwa na nyoka mguuni, na juu ya goti kashafungwa uzi wa nyavu umezama kwenye nyama kama unataka kukata.

Nyoka mwenyewe mara nyingi ni kifutu, wengine wanamwita moma au bafe. Yule hana haraka, hakimbii akisikia mtu kama nyoka wengine, analala tu njiani katulia na rangi yake inafanana na majani makavu, we unashuka mwaloni gizani kwenda kuvua dagaa unamkanyaga. Na dagaa wanavuliwa siku za giza, mwezi ukiwa haupo, kwa hiyo watu wanatembea hasa ule muda wake. Anagonga kifundo cha mguu au chini kidogo ya ugoko, maumivu yanakuja palepale na uvimbe unaanza muda si mrefu.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa baba mmoja wa makamo, kafungwa hivyohivyo, tena kachanjwa chale nane au tisa kwa wembe kuzunguka jeraha na kupakwa kitu cheusi. Mguu chini ya kamba ulikuwa wa zambarau, wa baridi, nikibonyeza hasikii. Nikapaniki. Nilichokumbuka ni kwamba kamba haitakiwi, basi nikachukua mkasi nikakata palepale, sijaweka kanyula, sijaandaa chochote, hata presha sijapima. Dakika chache tu jasho likaanza kumtoka, akawa anasema anaona giza, napima presha iko chini kabisa, na sasa ndo natafuta mshipa kwenye mkono uliokwishalegea. Alipona lakini mguu ulikatwa huko hospitali chini ya goti. Kamba ilikaa zaidi ya saa nne. Ndugu zake mpaka leo wanasema nyoka ndo alimla mguu, mi najua kamba ilichangia sana, na mkasi wangu nusura ummalize mwenyewe.

Sasa elewa kwa nini. Sumu ya kifutu inakula nyama pale ilipoingia, inaharibu na mishipa midogo ya damu. Ukiifungia mahali pamoja kwa kamba unaikusanya hapohapo ifanye kazi yake vizuri, na huku umezuia damu isifike kwenye mguu huohuo, kwa hiyo nyama inakufa kwa sababu mbili. Halafu ukifungua ghafla, vyote vilivyorundikana chini vinapanda juu kwa mpigo. Na jambo la tatu ambalo watu hawalioni, kamba inawatuliza ndugu. Wakishafunga wanaona sumu imezuiwa, wanaenda zao kwa mganga kwanza, saa zinapita.

Kwa hiyo akija na kamba fanya hivi. Kama imefungwa sasa hivi tu, labda ni jirani wa zahanati na kidole bado kinapita chini yake, ilegeze taratibu basi. Kama imekaa muda na imezama, usiiguse kabla hujaweka kanyula kwenye mkono, dripu inatembea, adrenalini na ambu bagi viko karibu, na umeshampigia daktari wa hospitali unayompeleka mkubaliane ilegezwe pale kwako au ifike huko. Ikiamuliwa ilegezwe hapo, legeza kidogo, subiri, angalia presha na anavyopumua, legeza tena. Kukata kwa mkasi kama mimi, hapana. Ila pia usiiache ikae tu kwa sababu unaogopa, kila saa inayopita mguu unakufa.

Chale nazo ni hivyohivyo. Hazitoi sumu, ishaingia ndani zaidi ya wembe wako, na kwa kuwa kifutu anaweza kuharibu kuganda kwa damu, zile chale zinavuja usiku kucha na zinaingiza uchafu. Kunyonya kwa mdomo, jiwe la nyoka, mafuta ya taa, shoti ya betri ya pikipiki (nimeona!), vyote havina kazi. Mkishachanja mnanipa mimi vidonda kumi badala ya kimoja.

Kinachosaidia kweli ni kitu cha kijinga kabisa, mguu usitikisike. Sumu kwa sehemu kubwa inasafiri kwenye yale maji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa ya limfu, na hayo hayana moyo wa kuyasukuma, yanasukumwa na misuli ikijikunja. Mtu akitembea kilometa moja kuja kwako kaipiga pampu mwenyewe njia nzima. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kwenye simu, kabla hata hujauliza nyoka wa aina gani, ni huu: asitembee, mlazeni, mbebeni. Wa pili: toeni kila kinachobana, pete, saa, bangili, kiatu. Na mtoto angalia kifundo cha mguu, huku wengi wana uzi wa hirizi, mguu ukivimba ule uzi unageuka kamba bila mtu kuufunga. Mama atasita, we muombe kwa heshima, mayu tuutoe tu uhifadhi kwenye khanga utamfunga tena akipona. Hajawahi kunikatalia mtu nikisema hivyo.

Nikupe mfano uliokwenda vizuri, karibu miaka miwili iliyopita. Kijana wa dagaa, kagongwa juu kidogo ya kifundo saa moja na nusu jioni, kaka yake akanipigia akiwa bado mwaloni. Nikamuuliza una nini hapo cha kunyooka, akasema kasia. Nikamwambia weka kasia upande wa nje wa mguu, lile bapa lipite nyayo, mti upande mpaka kwenye nyonga, katikati tia sweta au gunia laini, halafu funga kwa khanga zilizokunjwa pana, nyayo, chini ya goti, juu ya goti, paja, pale penye jeraha usifunge. Akauliza nikaze? Nikamwambia kaza kama unafunga mtoto mgongoni, kidole chako lazima kipite.

Walimlaza kwenye kirikuu ya dagaa, juu ya magunia, mguu usawa na mwili, haujaning'inia wala haujainuliwa juu. Pikipiki ni ya mwisho kabisa, maana mshikaki mguu unaning'inia na unarushwa kila shimo, ila kama hamna kingine basi panda hiyo, mgonjwa akae kati ameshikwa na mtu nyuma na mguu umefungwa banzi, kuliko kusubiri gari mpaka asubuhi.

Walipofika kwangu ni dakika hamsini zimepita. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, zile khanga zilizofungwa vizuri mwaloni zilikuwa zishaanza kubana. Mguu umevimba chini yake, kidole hakipiti tena. Yaani banzi safi linageuka kamba ndani ya saa moja usipolikagua. Nikalegeza zote, nikashika vidole vya mguu vina joto, nikatafuta pigo la damu juu ya nyayo lipo. Nikachukua kalamu nikachora mstari pale uvimbe ulipoishia nikaandika saa pembeni kwenye ngozi, 2:25 usiku. Kwenye gari nikampa kaka kazi hiyo, kila robo saa pitisha kidole, ikibana legeza, na kila nusu saa chora mstari mwingine. Daktari akiona mistari mitatu na saa zake anajua uvimbe unakimbia kiasi gani, inamsaidia kuamua kuliko hadithi ndefu.

Maumivu mpe panado. Diklofenaki na asprini achana nazo, zinaongeza kuvuja damu, na usimchome sindano ya tako yoyote, damu kama haigandi unamtengenezea bonge la damu kwenye msuli. Wakati unasubiri gari, kama una chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, weka damu mililita 2, iache bila kuigusa dakika 20, kisha ilaze mara moja. Ikimwagika bado majimaji, damu haigandi, andika kwenye rufaa. Iwe kioo, si plastiki, na isiwe imeoshwa kwa sabuni, la sivyo damu inaweza isigande hata ya mtu mzima wa afya. Lakini gari likifika kabla ya dakika 20 ondoka, kipimo hakimngojeshi mtu.

Na kabla gari halijaondoka piga simu uulize hivi, mnayo dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, ipo kwenye friji sasa hivi? Usiulize kama huwa wanayo. Niliwahi kumpeleka mtu hospitali ya karibu nikidhani ipo, ikabidi wapakie tena safari ya pili, na enzi hizo kuvuka Kigongo kwenda Busisi ilikuwa kivuko, unaweza kukaa kwenye foleni huku mgonjwa anavimba. Siku hizi daraja lipo tangu 2025 tunashukuru, ila kwenda visiwani bado ni boti. Mtoto naye dozi yake ya hiyo dawa ya sumu ni ileile ya mtu mzima, mkishangaa kumbukeni nyoka hakumpunguzia sumu kwa sababu ni mdogo.

Dalili moja tu ya kukufanya uache kila kitu ukae kichwani kwake, kope zinalegea, anashindwa kumeza mate, sauti inabadilika. Hiyo ni sumu ya kupooza, koboko au baadhi ya fira, na kinachoua hapo ni pumzi, kwa hiyo lazima aende na mtu anayejua kutumia ambu bagi. Mlaze ubavu wa kushoto, mdomoni usimpe kitu.

Nyoka mwenyewe msimtafute. Mkiweza piga picha kwa mbali na simu. Kuna jamaa aliniletea kifutu kwenye ndoo amemponda, akawa anamwonyesha kwa kidole, kichwa kile kilichokufa bado kinaweza kung'ata.

Huku kuna bayeye pia, mafundi wetu wa nyoka toka enzi za mababu, na familia nyingine lazima zipitie huko. Sigombani nao. Mmoja tunaelewana vizuri, nilimwomba dawa yake aiweke pembeni tu, asichanje, asifunge, na akipata mgonjwa anipigie mimi wakati wakitafuta usafiri. Ameshanipigia mara tatu, mara ya mwisho alikuwa ashamfunga mtu banzi la mianzi zuri kuliko langu.

Yule kijana wa dagaa alipata dawa usiku uleule, akabaki na kovu na ganzi kidogo kwenye kidole. Kasia ndo lilipotea hospitali, na kaka yake alinidai mimi wiki mbili nzima kila tukikutana sokoni, mwisho nikamchangia hela ya jingine.