Maswali na majibu: mawe ya hadithi maktabani

Mwalimu, tulitaka mawe yenye picha, watoto wayatoe mkobani moja moja na kuyatungia hadithi, basi tuliyaokota ufukweni Jambiani tukayapaka rangi siku ile ile. Wiki tatu baadaye rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Tumekosea wapi?

Chumvi ndiyo iliyoibandua. Jiwe lililolala pwani limeshiba maji ya bahari, na likikauka chumvi husalia ndani ya vitundu vyake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, kwa hiyo chumvi hiyo huyeyuka na kuganda tena mara kwa mara, na kila inapoganda huisukuma rangi kutoka chini. Yalowekeni mawe katika ndoo ya maji baridi kwa siku nne au tano, mkibadilisha maji kila siku, kisha yasugueni kwa brashi na kuyaanika mpaka yakauke kabisa, jambo ambalo huchukua siku mbili au tatu za jua kali. Baada ya hapo pakeni rangi ya akriliki mara mbili, nyepesi nyepesi, na juu yake vanishi ya maji. Aliyechora kwa kalamu ya wino wa kudumu aijaribu vanishi kwanza chini ya jiwe moja, kwa sababu baadhi ya vanishi huutawanya wino. Rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo baada ya kupaka milango msizitumie, kwani baadhi yake huwa na madini ya risasi na watoto hutia vitu mdomoni.

Jambo jingine ni jiwe lenyewe. Sehemu kubwa ya mawe ya Unguja ni ya chokaa iliyotokana na matumbawe, yenye matundu mengi. Dondosheni tone la maji juu yake: likizama papo hapo, rangi nayo itazama na picha itafifia. Matumbawe ya baharini yaacheni yalipo. Mkikosa mawe yanayofaa, muombeni seremala mabaki ya mbao, myapige msasa. Watoto hawataona tofauti.

Watoto wangu wana miaka sita hadi minane. Kila mmoja huchukua jiwe, akataja picha, basi. "Palikuwa na ufunguo. Palikuwa na ngalawa. Palikuwa na kuku." Hadithi haipatikani. Nifanyeje? (Mkutubi wa shule, Wete)

Kabla ya kuwalaumu watoto, mwaga mkoba wako mkekani uyatazame mawe. Naamini utakuta ua, jua, samaki, nyota na kipepeo, yote mazuri na yote yametulia. Hadithi huanza pale mtu anapokosa kitu, na katika mawe hayo hakuna aliyekosa chochote. Chora mawe ya shida: kamba iliyokatika, mtungi uliopasuka, wingu jeusi, mlango uliofungwa. Katika mkoba wangu wa mawe kumi na mawili, manne ni ya namna hiyo, na siku nilipoyatia ndipo nilipoacha kuwasukuma watoto.

La pili, jiwe jipya lisitoke kabla lililotangulia halijaulizwa. Nitakueleza kikao kimoja kilivyokwenda, kikiwa na watoto watano na mawe matatu tu.

Wa kwanza aliita "Paukwa!", wenzake wakaitika "Pakawa!", akasema palikuwa na ufunguo. Nikamuuliza ni wa nani. Wa bibi. Unafungua nini? Sanduku la kanga. Kwa nini bibi alifungue leo? Akafikiri kidogo, akasema kuna arusi. Hapo tayari tulikuwa na mtu na haja yake, ingawa mkekani palikuwa na jiwe moja tu. Wa pili akatoa ngalawa na kusema, "Akapanda ngalawa," kama watoto wako. Nikamuuliza imehusu nini, na bibi yuko nyumbani? Akajibu kwamba ufunguo umesahauliwa Kojani, kwa hiyo mjukuu ametumwa kuufuata.

Jiwe la tatu, mtungi uliopasuka, lilimwangukia msichana ambaye kwa kawaida hasemi. Aliliweka karibu na ngalawa, akasema maji ya kunywa yamemwagika na upepo umekufa. Mvulana mmoja akapendekeza kwamba mvua imenyesha na mjukuu akatandaza kanga kuyakinga maji. Msichana yule akamkatiza: "Kanga zimo sandukuni, na ufunguo hajaupata bado!" Walibishana kwa muda, mimi nimenyamaza, mpaka wakakubaliana kwamba atatandaza tanga.

Watoto wanapoanza kusahihishana kwa mantiki ya hadithi yenyewe, ujue imekuwa yao, na wakati huo mkubwa akitia neno huiharibu. Dalili ya kinyume chake ni "halafu" nyingi: halafu, halafu, halafu. Ukiisikia mara tatu mfululizo, rudi kwenye jiwe lililopita uulize, "Kwa nini?", mpaka upate "kwa hiyo" au "lakini". Usizidishe mawe kwa kudhani kwamba yatasaidia. Matatu yanatosha kwa kuanzia, na matano kwa waliozoea. Kwangu mimi, yakipita saba huwa orodha ya sokoni. Watoto wakiwa thelathini, wagawe makundi ya watano au sita, kila kundi na mkeka wake.

Baadhi ya wazazi hawapendi picha za viumbe wenye roho, nami sitaki ugomvi. Je, mawe ya hadithi yanawezekana bila wanyama?

Suala la hukumu ni la masheikh, wala mimi si mtu wa kulisemea. Kwa upande wa hadithi, hupotezi kitu. Chora nyayo tatu mchangani badala ya paka, kiota badala ya ndege, ganda la nazi lililotafunwa badala ya mnyama aliyelitafuna. Nami, hata pasipo na mzazi anayelalamika, siku hizi huzipenda zaidi alama hizo, kwa sababu jiwe lenye fisi limeshaamua kwamba ni fisi, na watoto wetu wanajua tangu utotoni kwamba fisi ni mlafi na mjinga, basi hadithi hufuata njia ile ile ya kila siku. Nyayo zinaweza kuwa za yeyote, na mabishano ya ni za nani ndiyo yanayoifungua hadithi.

Mwanangu wa miaka miwili huja na dada yake. Naye apewe jiwe?

Apewe kubwa, la kujaza kiganja chako wewe mama. Lile linalopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni linaweza kumkaba. Kwa sababu hiyo hiyo komwe za bao, ambazo wengi hupenda kuzichora, zisikae karibu naye.

Mtoto akisimulia kwa Kipemba, nimsahihishe?

Anaposimulia, hapana. Ukimkata kwa ajili ya neno moja, jiwe lililo mkononi mwake litanyamaza, na wenzake watajifunza kusema machache ili wasikosolewe. Mimi huwa na daftari pembeni. Akisema "ntoto", huandika "ntoto". Kikao kikimalizika namsomea alichosema, neno kwa neno, na akitaka kubadilisha kitu humwachia kalamu abadilishe mwenyewe. Wengi hubadilisha mwisho wa hadithi, na "ntoto" wanamwacha palepale.