Kumpa mtoto mwenye homa dawa ya njia ya nyuma: mambo niliyojifunza kwa kukosea

Wale mnaoanza kazi ya afya ya jamii, leo nawaelezea kitu kimoja tu, ile kapsuli laini ya dawa ya malaria, artesunati ya miligramu 100, inayowekwa njia ya haja kubwa. Kwenye semina mtaoneshwa kwa mdoli, na mdoli hakazi misuli, hajambi, halii na mama yake hajasimama pembeni anatetemeka.

Kwanza ni ya nani. Ni ya mtoto mwenye homa ambaye ukimpa kitu mdomoni hakiendi: hanyonyi wala hanywi, au anatapika kila kitu, au kapata degedege, au amelala tu ukimuita haitiki. Hapo tunahofia malaria kali, na kama sehemu ulipo hakuna wa kumchoma sindano unaweka kapsuli halafu safari ya hospitali inaanza saa hiyohiyo. Hii ni ya watoto kuanzia miezi 6 mpaka wasiofika miaka 6. Chini ya miaka 3 anapata kapsuli moja, kuanzia miaka 3 anapata mbili, unaweka moja kwanza kisha ya pili inafuata. Usije ukaikata nusu, ndani ina dawa ya majimaji, ukikata umeimwaga. Na msiichanganye na ile ya parasetamo ya njia hiyohiyo, ile inashusha joto tu, vimelea inaviacha palepale.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa binti wa miaka 2 na nusu, anatapika tangu usiku, macho yanafunguka nusu. Nikamlaza kifudifudi kwenye mapaja ya mama yake, nikavaa glavu, nikasukuma kapsuli mpaka siioni tena, nikajua tayari nimemaliza, nikageuka kuandika rufaa. Kama dakika 3 hivi mama ananiita, "dada, kimetoka hiki," kapsuli iko kwenye khanga nzima kabisa, haijayeyuka hata kidogo.

Kilichotokea ni hivi. Pale mlangoni kuna msuli wa duara unaobana muda wote, kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Ukiiacha kapsuli katikati ya ule msuli, macho yako hayaioni lakini haijaingia, msuli ukikaza unairudisha nje. Kazi yako ni kuipitisha ule msuli wote. Kwa mtoto ni kama sentimita 2 hivi, yaani kiungo cha kwanza cha kidole chako cha shahada kimeingia, na kwa kachanga ka miezi tumia kidole kidogo kwa kipimo hichohicho cha kiungo kimoja. Lakini sentimita zisikutawale sana, sikiliza kidole: mwanzo kinabanwa, unasukuma taratibu, halafu ghafla ule mbano unalegea na kapsuli inateleza kama imemezwa. Hapo ndo umefika. Kama hujasikia kumezwa, hujafika.

Na kuingia sana nako si sifa. Kuna wenzetu wanadhani ukisukuma kidole chote dawa itafanya kazi haraka, kumbe ni kinyume. Damu ya sehemu ya chini pale inaingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili, ukipeleka juu zaidi sehemu kubwa ya dawa inapitia ini kwanza na inapungua kabla haijafika inapotakiwa. Juu huko pia unaweza kukutana na choo, ukaichomeka kapsuli katikati ya choo, ikakaa humo haigusi ukuta, na dawa inanyonywa na ukuta. Kidole kikikutana na kitu kigumu elekeza kapsuli pembeni ilale kwenye ukuta.

Ulalaji ndo nusu ya kazi. Mimi siku hizi nawalaza ubavu wa kushoto, mguu wa chini umenyooka kidogo, goti la juu limekunjwa mpaka karibu na tumbo. Utumbo wa mwisho umejipinda kuelekea kushoto kwahiyo ukilala hivyo njia inakaa vizuri, na ule mguu uliokunjwa unafungua makalio bila kuyavutavuta. Mtoto mdogo sana mlaze chali, mama ashike miguu yote miwili aikunje kuelekea tumboni kama anambadilisha nepi. Wa degedege, ubavu huohuo unamsaidia na matapishi yasimpalie, na mdomoni usimwekee kitu chochote, hata kijiko.

Kulainisha ni maji safi tu, chovya kapsuli mara moja na gamba lake linakuwa la utelezi lenyewe. Ukiishika muda mrefu na vidole vya moto inalainika mno inaanza kupinda, kwahiyo kila kitu kiwe tayari, mtoto ameshalala mkao wake, ndo uifungue. Kucha pia zikate, glavu haizuii kucha ndefu kuchuna.

Mtoto akilia misuli inakaza, usishindane nae, subiri avute pumzi, pale anapovuta msuli unalegea kidogo na hiyo inakutosha.

Turudi kwa yule binti. Nikachukua kapsuli mpya, nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikasukuma mpaka nikasikia imemezwa, nikatoa kidole, halafu nikafanya kile nilichokiruka mwanzo: nikabana makalio yake pamoja kwa kiganja, nikaangalia saa, dakika 10 kamili. Jamani dakika 10 za kubana ni ndefu, mkono unakufa ganzi, mwambie mama akupokee. Sheria tunayofuata ni kwamba ikitoka ndani ya dakika 30 unaweka nyingine, ikipita nusu saa hurudii hata mtoto akiharisha. Ndo maana muda unauandika palepale, usije ukaanza kukisia. Kwenye karatasi ya rufaa niliandika saa ya ile ya kwanza, kwamba ilitoka nzima, saa ya ya pili na miligramu, ili daktari ajue mwilini mna dozi moja, si mbili.

Kuna utafiti uliofanyika Bangladeshi, Ghana na Tanzania ukachapishwa 2009, ulionesha kwamba kwa wagonjwa waliochelewa kufika kituoni zaidi ya saa 6, waliowekewa artesunati hii kabla ya safari vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kama nusu. Kwahiyo inafanya kazi, ila hiyo hiyo ndo inatuletea shida: baada ya masaa kadhaa mtoto anafungua macho, anaomba maji, na baba anasema nauli ya nini tena amepona. Hajapona. Dozi moja imepunguza vimelea tu, waliobaki wanazaana tena, anahitaji sindano hospitali na baadae dawa mseto ya siku 3. Mimi hayo nayasema mapema, wakati bado nimebana makalio, maana hizo dakika 10 mama hana pa kwenda na ananisikiliza vizuri. Yule binti nilimsindikiza mwenyewe mpaka gari, nikampa mama kapsuli moja ya akiba na glavu maana nusu saa ilikuwa haijaisha.