Jina moja, nyota tano: hesabu ya abjadi iko kwenye maandishi

"Naitwa Salim, mama yangu ni Fatma. Programu ya simu imenipa nyota ya Jauza, mwalimu mmoja hapa Kisauni kaniambia Thauri, mwengine kasema Dalu. Nani yuko sawa?"

Ndugu yangu, walimu hao wawili huenda wote wamejumlisha vizuri. Wametofautiana katika kuliandika jina lako. Mimi nimelelewa Mji wa Kale na babu aliyekuwa akiangalia nyota kwa kitabu, na mtu akija, kabla ya kushika kalamu babu alikuwa na swali moja: "Laandikwaje?"

Abjadi huhesabu herufi zilizoandikwa, haihesabu sauti. Herufi zote ni 28, kwa mpangilio wa abjad, hawaz, huti, kalaman na kuendelea. Tisa za mwanzo ni 1 mpaka 9, kisha zinakwenda kwa makumi mpaka 90, kwa mamia mpaka 900, na ghaini peke yake ni 1000. Fatha, kasra na dhuma hazina thamani. Herufi yenye shada huhesabiwa mara moja tu, ndiyo maana Muhammad ni 92: mimu 40, he 8, mimu 40, dali 4.

Sasa tazama jina lako. Sisi pwani twatamka "Salim" kwa namna moja tu, tukikaza kwenye "li", lakini kwa Kiarabu hayo ni majina mawili. Kuna سالم, lenye alifu baada ya sini: 60, 1, 30, 40, jumla 131. Na kuna سليم, halina alifu ila lina ye baada ya lamu: 60, 30, 10, 40, jumla 140. Kwenye kitambulisho yote mawili huandikwa Salim, basi kitambulisho hakikusaidii kitu hapa.

Fatma, hata tukilikata namna gani mdomoni, huandikwa فاطمة: fe 80, alifu 1, twa 9, mimu 40, na te marbuta 5, kwa sababu umbo lake ni he ya 5 iliyotiwa nukta mbili. Jumla 135.

Unajumlisha jina lako na la mama, kisha unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka usiweze tena; kinachobaki ndiyo namba ya nyota yako katika zile kumi na mbili. Kwa سالم ni 131 na 135, yaani 266. Toa 264, inabaki 2: Thauri, nyota ya udongo. Kwa سليم ni 140 na 135, yaani 275. Toa 264, inabaki 11: Dalu, nyota ya upepo. Hao ndio walimu wako wawili.

Wako pia wanaoihesabu te marbuta kama te ya kawaida, 400. Hapo Fatma anakuwa 530, na wewe unageuka Hamali (inabaki 1) au Jadi (inabaki 10). Babu hakuifuata njia hiyo, na mimi siifuati, kwani wengi katika wanaoshika fani hii wanahesabu umbo. Lakini muulize mwalimu wako anafuata ipi, na aifuate hiyo hiyo kwa majina yote.

Hiyo programu ndiyo usiitegemee kabisa. Ukiisoma "Salim" herufi kwa herufi za kizungu unapata sini, alifu, lamu, ye, mimu: 141, jina ambalo halipo. "Fatma" nayo inapewa te ya 400 mahali pa twa ya 9, na alifu mwishoni: 522. Jumla 663, inabaki 3, ndiyo hiyo Jauza yako. Programu ya herufi za kizungu haina njia ya kujua "t" ni te au twa, wala "h" ni he ya 8 au he ya 5.

La kufanya ni kutafuta jina lako lilipoandikwa kwa Kiarabu. Nyumba nyingi za huku wazee walikuwa wakiandika vizazi kwenye kurasa tupu za mwanzo wa msahafu. Kama hakuna, uliza umepewa jina la nani, kisha tazama jina lake kwenye cheti cha nikaha au kwenye jiwe la kaburi. Najua masheikh wengi wa hapa Mombasa wanaikataza kazi hii, na hilo ni la kuwauliza wao.

Ukirudia hesabu mwenyewe, kuna njia ya kujikagua. Sini 60, shini 300, khe 600 na dha 900 zote zinagawika kwa 12 bila kubakisha, kwa hiyo ukiziacha nje jibu halibadiliki. Likibadilika, umekosea kujumlisha. Na ikitokea hesabu imekwisha pasibaki kitu, usiandike sufuri: hiyo ni 12, nyota ya Hutu.