Mzee amepokea pesa zote za kiwanja, hati hataki kubadilisha: nimwandikie barua gani?

SWALI: Shekhe, assalaamu alaykum. Nilinunua kiwanja cha futi 40 kwa 80 huku Kisauni kwa shilingi 900,000, nikamaliza kulipa Februari 2023. Mkataba tumeandika na mashahidi wametia sahihi. Tangu hapo ni "njoo wiki ijayo". Nataka kumwandikia barua. Kakangu asema niweke faini ya asilimia 2 kila mwezi, na mamangu ataka tumsomee halbadiri. Inajuzu? Au niende kwa Kadhi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kabla hujashika kalamu, nenda kwa msajili wa ardhi ukafanye sachi ya ile nambari iliyo kwenye mkataba wenu. Barua yafuata utakachokuta huko.

Huenda ukakuta shamba zima bado lina hati moja. Mzee ameuza vipande kwa mdomo na kwa mkataba, lakini hajagawa. Hapo hata akitaka leo hawezi kukupa hati, mpaka mpimaji apime, kaunti iidhinishe ugawaji, kila kipande kipate nambari yake. Mtu wa hali hiyo mdai mpimaji na idhini kwanza, umwekee tarehe ya kila hatua. Ukikuta hati imewekwa rehani benki, hilo ni zito zaidi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyeweka rehani hauzi bila ruhusa ya aliyewekewa, kwa hivyo barua yako itadai pesa.

Tuseme hati ni safi na ipo kabatini kwake. Mauziano yenu yalitimia mlipokubaliana, na Qur'ani yasema "timizeni mikataba" (5:1). Kukabidhi ardhi ni kumwachia mnunuzi bila kizuizi, na kwa Kenya ya leo asiye na hati hajaachiwa. Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma; wamepokea Bukhari na Muslim. Lakini na wewe jiangalie: ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini, ni juu yako. Kwa 900,000 ni 36,000, na serikali ikithamini juu zaidi utalipa zaidi. Nimeona wanunuzi wakilalamika na kumbe muuzaji yuwangoja wao. Kodi ya faida, asilimia 15 ya alichopata juu ya gharama yake, hiyo ni yake, na mara nyingi ndiyo inayomfanya akwepe.

Faini ya kakako itoe. Wako wanazuoni wa leo walioruhusu sharti la fidia katika mikataba ya kazi, lakini liwe limeandikwa tangu mwanzo. Nyinyi hamkuandika, na asilimia kila mwezi juu ya pesa uliyolipa inanuka riba. Gharama uliyoingia kweli kwa sababu yake, kama wakili, waweza kuidai na risiti zake.

Halbadiri mwachieni mama aombe dua yake. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Usiiandike kwenye barua. Ukimtisha mzee wa watu kwa kisomo, kesho atasema alisaini kwa kuogopa.

Mimi ningeandika hivi:

"Mzee wangu, assalaamu alaykum. Tarehe fulani ulipokea kwangu shilingi 900,000, bei kamili ya kiwanja nambari fulani. Naomba ndani ya siku 30 unipe hati ya asili, nakala ya kitambulisho na PIN yako, na tutie sahihi fomu ya uhamisho. Ushuru wa stempu nitalipa mimi. Kama kuna kizuizi, niandikie ni kipi. Siku hizo zikipita nitakwenda mahakamani."

Basi, usiongeze matusi. Na usiipeleke kabla ya kuomba zuio kwa msajili, lile watu waitalo kaveti, kwani muuzaji aliyebanwa huweza kumuuzia mwingine wiki hiyo hiyo.

Kwa Kadhi usiende na dai hili. Katiba, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi. Kesi ya ardhi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au ya hakimu aliyeidhinishwa kusikiza kesi za ardhi. Mzee akifariki ndipo utakutana na Kadhi, kwa sababu kiwanja kitakuwa bado kwa jina lake na watoto watakitaja katika urithi. Haki yako hutolewa kabla ya mgao, kama deni (4:11), lakini watoto hawakuwepo mlipolipana, na watataka karatasi.

Kwa hivyo chapisha barua mbili, nenda na mashahidi wawili wa ule mkataba, na asaini nakala yako kuwa ameipokea. Akikataa, mashahidi waandike nyuma ya nakala hiyo tarehe, saa, na kwamba alikataa.