Kinywaji cha Mgeni Asiyekunywa Kilevi: Ukwaju, Chai ya Rangi na Tangawizi Mbichi

Mgeni asiyekunywa kilevi kwa kawaida hupewa soda au juisi ya embe, akaimaliza kwa mafunda matatu, kisha akakaa na bilauri tupu huku wenzake wakiendelea kunywa taratibu. Baada ya kuandaa vinywaji katika karamu nyingi za nyumbani, nimeona kwamba tatizo haliko kwenye matunda wala mapambo, bali ni kwamba juisi haina kitu cha kumzuia mnywaji. Kilevi huwasha koo, huacha uchungu na ukavu mdomoni, na hivyo mtu hulazimika kukinywa kidogo kidogo. Ukikiondoa bila kuweka kingine kinachofanya kazi hiyo, unabaki na sharubati tu.

Kinywaji ninachokitegemea hutokana na ukwaju, chai ya rangi na tangawizi mbichi, vitu ambavyo havikosekani sokoni. Ukwaju huleta uchachu mzito wenye kina kuliko wa ndimu. Loweka gramu 100 za ukwaju wenye kokwa katika mililita 300 za maji ya moto kwa nusu saa, uuvuruge kwa mkono, kisha uuchuje mara mbili ili nyuzi zisibaki.

Chai ndiyo inayoleta ukakasi, ule ukavu unaoufanya ulimi uhisi kama umepanguswa kwa kitambaa. Hapa inabidi ufanye jambo ambalo mpishi wa chai angelikataa: tia vijiko viwili vya chai vya majani katika mililita 250 za maji yaliyochemka, uyaache kwa dakika 10 nzima, halafu uchuje na kuipoza. Ukiionja peke yake itakukunja uso, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu barafu na shira vitaituliza.

Ukali wa tangawizi unahitaji uangalifu zaidi. Wengi huichemsha pamoja na sukari, wakapata shira tamu yenye harufu ya tangawizi iliyopikwa lakini isiyowasha vizuri. Mimi hupika shira peke yake, gramu 200 za sukari katika mililita 200 za maji, hadi sukari iyeyuke tu. Tangawizi huikwaruza mbichi, nikaikamua kwa kitambaa safi na kuiacha itulie kwa robo saa. Chini ya kikombe utaona utando mweupe ulioganda, ambao ni wanga. Mimina maji ya juu taratibu na uuache huo hapo, la sivyo kinywaji kitakuwa na unga unga mdomoni.

Kwa bilauri moja, changanya vijiko vitatu vya mezani vya ukwaju, viwili vya mezani vya ile chai iliyopozwa, kimoja na nusu cha mezani cha shira, kijiko kimoja cha chai cha maji ya tangawizi, na chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Chumvi isionekane kwa ladha; kazi yake ni kuukuza uchachu. Tia yote katika chupa yenye mdomo mpana na mfuniko unaobana, pamoja na barafu, uitikise kwa nguvu mpaka chupa iwe baridi kiasi cha kuumiza kiganja. Chuja katika bilauri ndogo yenye kipande kimoja kikubwa cha barafu, kwani vipande vidogo huyeyuka upesi na kukifanya kinywaji kuwa maji maji. Maji ya soda huongezwa mwisho, vijiko viwili au vitatu tu, na kamwe hayatikiswi ndani ya chupa iliyofungwa, kwa kuwa mfuniko unaweza kufyatuka. Kisha kata kipande cha ganda la ndimu, ukikunje juu ya bilauri ili mafuta yake yaruke juu ya kinywaji, kwa sababu pua ndiyo huanza kuonja.

Onja kinywaji kikiwa baridi, kwa maana baridi hupunguza utamu. Ukiona unaweza kumaliza nusu ya bilauri kwa mkupuo, ongeza chai au tangawizi kabla ya kufikiria kupunguza sukari. Kama ulimi umekauka kabisa, ongeza shira kidogo.

Liko jambo moja ambalo waandaaji hulipuuza. Matone machungu yanayouzwa katika vichupa vidogo kwa ajili ya kokteli, yaani bitasi, mara nyingi huwa na kilevi kikali, na vanila ya maji halisi nayo hutengenezwa kwa kilevi. Kwa mgeni anayejiepusha kwa sababu ya dini, au aliyeacha pombe baada ya kuteswa nayo, hata matone machache ni mengi. Soma lebo, au upate uchungu kwa ganda la balungi lililolowekwa ndani ya shira ya moto. Na mgeni aliyeacha pombe muulize pembeni, mapema, kama anataka kinywaji kinachofanana nayo. Wapo wanaofurahi, na wapo ambao ladha hiyo huwarudisha kule walikotoka, nao wapewe maji ya madafu bila maswali zaidi.